Ratiba Mbili za Picha, Safari Moja: Kutoka Elgon View Hadi Mombasa



Wiki chache zilizopita tulikuwa wageni wa jamaa zetu katika mtaa wa Elgon View, mjini Eldoret. Baada ya swala ya Isha alikuja mama mmoja wa jirani, mwenyeji wa Mji wa Kale Mombasa aliyeolewa huku bara miaka mingi. Mkononi alikuwa na simu yenye picha mbili alizotumiwa na mpwa wake. Ya kwanza ilikuwa picha ya ubao wa ofisi ya mabasi, na ya pili ilikuwa picha ya ratiba ya treni ya Nairobi na Mombasa.

"Shekhe," alisema, "Jumamosi baada ya Alasiri ni nikaha ya binti wa marehemu dada yangu. Mimi ndiye niliyemlea. Nimepiga hesabu zangu, nataka unitazamie kama ziko sawa."

Hesabu zake zilikuwa fupi. Ijumaa angepanda basi la saa moja asubuhi, afike Nairobi saa nane mchana, kisha apande treni ya saa tisa. "Nina saa nzima ya kupumzika," alisema. Alikuwa asafiri na mjukuu wa miaka sita na mabegi mawili, moja likiwa na nguo za bibi harusi.

Tulikaa naye kwenye meza ya chakula, tukaomba kalamu na karatasi. Tunaieleza kazi ile hapa hatua kwa hatua, kwa kuwa twajua katika familia zetu wako wengi wanaotumiwa picha kama zile kila likizo, kila harusi na kila msiba.

Kuisoma picha kabla ya kuiamini

Tulianza na picha zenyewe, wala si saa zilizoandikwa ndani yake. Picha ya ratiba ya treni ilikuwa imekatwa juu na chini. Kichwa kilichoonyesha upande wa safari hakikuwamo, wala mstari wa chini wenye tarehe ya kuanza kutumika. Tulimwomba ampigie mpwa wake ampige picha nyingine: asimame sawa mbele ya karatasi, pembe zote nne zionekane, taa isimulike kwenye kioo, na kama ratiba ni ndefu azipige mbili zinazopishana kidogo katikati.

Kichwa cha ratiba kina umuhimu mkubwa katika reli hii, kwani treni za Madaraka Express huondoka Nairobi saa 08:00, 15:00 na 22:00, na kutoka Mombasa huondoka vilevile saa 08:00, 15:00 na 22:00. Basi mtu aliyepewa kipande cha picha aweza kusoma upande usio wake na asigundue kosa. Dawa yake ni kuangalia mpangilio wa vituo vya katikati. Treni ya asubuhi husimama njiani, na ikiwa inakwenda Pwani, Mtito Andei hutangulia na Voi hufuata. Ukiona Voi imetangulia, hiyo ni safari ya kurudi.

Picha ya pili ilipofika tulinakili kila safari kwenye mstari wake: inatoka wapi, inakwenda wapi, inaondoka saa ngapi, inafika saa ngapi, siku zipi. Palipokuwa hapasomeki tuliweka alama ya kuuliza, wala hatukujaza kwa kukisia. Kisha tukazijaribu saa kwa kutoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika. Treni ya asubuhi ilitupa muda wa saa sita na kidogo, kwa kuwa husimama vituo vingi. Ya alasiri ilitupa saa tano na kidogo. Ya usiku, kama tulivyoisoma mara ya kwanza, ilitupa saa kumi na nusu. Hilo lilituonyesha kosa papo hapo. Njia ni ileile, haiwezi kuchukua muda maradufu. Tulipoikuza picha tuliona kwamba tarakimu tuliyoidhania 8 ilikuwa 3. Treni hiyo hufika Mombasa yapata saa tisa na nusu za usiku, wala si saa mbili na nusu asubuhi. Tungeliacha hivyo, mtu angelishuka Miritini gizani na mwenyeji wake angali amelala.

Saa zetu na saa zao

Hapa ndipo sisi Waswahili tunapojikwaa zaidi. Ratiba ya treni imeandikwa kwa mzunguko wa saa 24 unaoanza usiku wa manane, nasi twahesabu kuanzia machweo na macheo. Kanuni ni kutoa sita: 08:00 ni saa mbili asubuhi, 15:00 ni saa tisa alasiri. Ikizidi kumi na mbili baada ya kutoa, toa kumi na mbili tena: 22:00 hubaki 16, kisha 4, nayo ni saa nne usiku. Kwa saa ndogo kama 03:30, ongeza sita: ni saa tisa na nusu usiku.

Tazama basi maneno "treni ya saa tisa." Kuna inayoondoka Nairobi saa tisa alasiri, na kuna inayofika Mombasa saa tisa usiku. Ukimwambia nduguyo kwa simu "njoo unipokee, ni treni ya saa tisa," aweza kuja wakati usio wako. Kwa hiyo kwenye karatasi yetu kila saa tuliiandika mara mbili, kwa tarakimu za ratiba na kwa Kiswahili pamoja na neno asubuhi, mchana, alasiri au usiku.

Ubao wa mabasi nao ulikuwa na mtihani wake. Uliandikwa kwa mkono, na mstari mmoja ulisema "9.00" bila neno lolote. Je, ni saa tatu asubuhi, ni saa tatu usiku, au mwandishi alikusudia saa tisa kwa hesabu yetu? Haikufaa kubuni. Mama alipiga simu ofisini, akaambiwa ni basi la usiku, yaani saa tatu usiku.

Mtihani wa tatu ni jina la siku. Kwetu, usiku hutangulia mchana wake. Mzee akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia usiku unaopambazukia Ijumaa, nao kwa tiketi ni Alhamisi. Ofisi ya tiketi haijui hesabu hiyo. Treni ya Ijumaa saa 22:00 kwao ni ile inayoondoka Ijumaa baada ya Isha, na kufika Jumamosi. Mwenye kukata tiketi aandike tarehe, asitegemee jina la siku peke yake.

Kuhesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo

Baada ya hapo tuliingia kwenye mpango wenyewe. Mama alikuwa ameanza hesabu nyumbani kwake Elgon View akaenda mbele. Sisi tulianza kwenye treni tukarudi nyuma.

Treni yaondoka saa tisa alasiri. Lakini stesheni ya Syokimau si steji ya matatu. Mizigo hupangwa chini ikaguliwe na mbwa, hupitishwa kwenye mashine, abiria huonyesha kitambulisho na tiketi, kisha hupanda hadi ukumbi wa kusubiri. Milango hufungwa kabla treni haijaondoka. Abiria hutakiwa awepo saa moja kabla. Basi saa yake ya kweli ni saa nane mchana, wala si saa tisa.

Rudi nyuma tena. Basi la Eldoret humshusha katikati ya jiji, na Syokimau iko mbali kiasi cha kilomita 20 kwa Barabara ya Mombasa. Kuna treni ndogo ya kutoka Stesheni Kuu ya jijini, lakini nayo ina ratiba yake, na aliyeikosa hubaki barabarani. Kwa teksi na mabegi mawili na mtoto, siku ya kazi, tuliweka saa moja na nusu. Basi lazima awe ameshuka jijini saa sita na nusu mchana.

Rudi tena. Ubao wa mabasi ulitaja saa za kuondoka tu, haukutaja saa za kufika. Mabao mengi ya mabasi ni hivyo, na hapo ndipo msafiri hujaza saa ya matumaini. Eldoret hadi Nairobi ni kiasi cha kilomita 310. Tuliuliza jamaa zetu wanaosafiri kila mwezi, tena hatukuwauliza "ni saa ngapi?" bali "siku njema ni saa ngapi, siku ya kawaida ni saa ngapi, na siku mbaya ni saa ngapi?" Walituambia sita, saba, na tisa. Siku mbaya husababishwa na ukungu wa Timboroa, malori ya Salgaa, msongamano wa Naivasha na ule wa kuingilia jiji.

Kutoka saa sita na nusu mchana, toa saa saba za kawaida: ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Toa mbili zaidi za siku mbaya: ni saa tisa na nusu usiku. Basi la saa moja asubuhi lilikuwa limechelewa kabla hata halijawashwa. Ile saa nzima ya kupumzika haikuwapo. Kwa siku ya kawaida kabisa mama angefika Syokimau saa tisa na nusu, treni imeshaondoka nusu saa.

Kosa lake halikuwa la hesabu. Ni kwamba aliuchukua muda wa kazi akauita muda wa akiba. Ukaguzi, teksi na kupakua mizigo ni sehemu ya safari, vitatokea tu. Akiba ni ule muda unaobaki baada ya vyote hivyo kuhesabiwa, ambao usipohitajika utaukaa bure. Mwenye kuchanganya viwili hivi huona ana akiba, na kumbe hana hata dakika moja.

Akiba iwe kubwa kiasi gani?

Tulimuuliza mama, "Ukiikosa treni hii, nini kitafuata?" Akiba hupimwa kwa jibu la swali hilo. Anayekwenda kutembea tu, akikosa treni ya asubuhi atangoja ya alasiri. Akiba ndogo yamtosha. Lakini treni inayofuata huwa na faida kwako ikiwa tu ina nafasi, na mwisho wa wiki na wakati wa kufunga shule nafasi huisha siku nyingi kabla. Treni unayoweza kuikuta imejaa usiihesabu kuwa ni akiba.

Tuliziweka mbele yake njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa basi la Ijumaa saa moja asubuhi, na treni ya Ijumaa saa nne usiku. Hata kwa siku mbaya angefika jijini saa kumi jioni, na akiba ingekuwa kubwa. Lakini angefika Miritini saa tisa na nusu usiku na mtoto aliyelala begani, kisha siku hiyohiyo ahudhurie nikaha. Kwa mtu anayewahi maziko njia hii ndiyo bora, maadamu yuko wa kumpokea. Kwake yeye haikuwa lazima.

Ya pili ilikuwa basi la Alhamisi saa tatu usiku, na treni ya Ijumaa saa mbili asubuhi. Siku ya kawaida angeshuka saa kumi usiku, na saa kumi na moja na nusu ndiyo mwisho wa kuondoka jijini. Akiba ni saa moja na nusu, nayo ni pungufu ya zile saa mbili za siku mbaya. Tena angeshuka katikati ya jiji kabla ya alfajiri, yeye na mtoto na nguo za bibi harusi.

Ya tatu ilikuwa basi la Alhamisi saa moja asubuhi, alale kwa shemeji yake Eastleigh, kisha treni ya Ijumaa saa mbili asubuhi. Basi likichelewa saa tatu au nne, bado analala kitandani. Na akiikosa treni ya asubuhi kwa sababu yoyote, Ijumaa yote iko mbele yake, na mabasi ya Mombasa yapo hadi usiku. Akiba yake hapa ni usiku mmoja kamili, nao haumgharimu ila zawadi ya maziwa ya mursik kwa wenyeji wake.

Aliichagua ya tatu. Asiye na jamaa Nairobi aweza kuitazama ya nne, yaani basi la moja kwa moja kutoka Eldoret hadi Mombasa. Ni safari ya karibu kilomita 800 ya kuchosha, lakini haina maungio, na pasipo na maungio hapana cha kukosa njiani.

Swala ndani ya ratiba

Mpango wa Muislamu haukamiliki bila hili. Safari hii ni ndefu, na msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Tuliziandika swala kwenye mistari ileile ya saa. Alhamisi basi huondoka baada ya Alfajiri, kwa hiyo aswali nyumbani. Adhuhuri itaingia akiwa njiani. Anuie ndani ya wakati wake kuichelewesha, aikusanye na Alasiri atakapofika Nairobi, kwani hata siku mbaya atafika kabla ya Magharibi. Ijumaa aswali Alfajiri Eastleigh kisha ndipo aondoke. Treni itamfikisha Mombasa baada ya saa nane mchana, na Adhuhuri na Alasiri atazikusanya hapo.

Lau angepanda treni ya saa tisa alasiri mambo yangekuwa mengine. Magharibi huingia treni ikiwa njiani nayo hufika baada ya saa mbili usiku, basi abiria wake hana budi kuswali Adhuhuri na Alasiri kabla ya kupanda, na kunuia kuchelewesha Magharibi. Atakayefika stesheni dakika za mwisho hatapata pa kuswalia kabla ya mlango kufungwa. Hii nayo ni sababu ya kuihesabu swala ndani ya muda wa kazi, isiachiwe akiba.

Karatasi yenyewe

Mwishoni tulimwandikia hivi, nakala moja kwenye pochi yake, nyingine ikapigwa picha ikatumwa Eastleigh na Mombasa:

Alhamisi. Saa 06:15, saa kumi na mbili na robo asubuhi: kuondoka Elgon View kwa teksi. Saa 07:00, saa moja asubuhi: basi. Nakuru, nusu ya njia: kumpigia shemeji. Saa 14:00 hadi 16:00, saa nane mchana hadi saa kumi jioni: kufika Nairobi.

Ijumaa. Saa 05:45, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi: kuondoka Eastleigh. Saa 07:00, saa moja asubuhi: mlangoni Syokimau, kitambulisho mkononi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto karibu. Saa 08:00, saa mbili asubuhi: treni. Baada ya saa 14:00, saa nane mchana: Miritini, kupokewa na mpwa. Kabla ya Magharibi: Mji wa Kale.

Chini yake tuliongeza mistari miwili. Wa kwanza: nambari ya tiketi na ya behewa. Wa pili: tarehe ambayo saa za treni zilithibitishwa kwa kupiga simu, kwa sababu picha ni ushahidi wa siku ilipopigwa tu. Ratiba hubadilishwa, na picha ya zamani huendelea kuzunguka kwenye simu zetu kana kwamba ni ya leo.

Alhamisi ile alitupigia simu akiwa Nakuru. Lori lilikuwa limelala barabarani karibu na Salgaa na magari yalisimama muda mrefu. Alifika Nairobi karibu saa kumi jioni, baada ya saa tisa za safari. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Nimechelewa, shekhe," alisema, "lakini sijachelewa kitu." Jumamosi baada ya Alasiri alikuwa upande wa wanawake, karibu na binti yake, anasikiliza khutba ya nikaha kupitia kipaza sauti.

Mwenyezi Mungu awajaalie maharusi mapenzi na huruma, awarehemu waliotangulia, na awafikishe salama wasafiri wetu wote. Amina.